Namba zisizokubaliana katika sura ya matokeo: dalili, chanzo na namna ya kuthibitisha

Jedwali moja linasema asilimia 55.9, lingine linasema 55.8, aya inasema 54.0 na ikisiri inasema 52.3. Zote zinazungumzia kitu kilekile. Anayesoma haraka atasema ni makosa ya uchapaji, asahihishe moja ifanane na nyingine, aendelee. Hapo ndipo kosa linapofukiwa, kwa sababu mbili kati ya namba hizo ni sahihi jinsi zilivyo, na mbili hazipaswi kuwepo kabisa.

Mwongozo huu unafuata tasnifu moja ya mfano kuanzia dalili hadi chanzo. Utafiti wenyewe na namba zake zote vimetungwa kwa ajili ya kufundishia, lakini makosa yaliyomo ndiyo yanayokutana na msimamizi au mtahini kila msimu wa kuwasilisha.

Tuseme mtafiti amewahoji mama lishe katika masoko matatu ya Dar es Salaam: Kariakoo, Buguruni na Tandale. Anataka kujua kama waliopata mafunzo ya usafi wa chakula wana sehemu ya kunawia mikono yenye maji yanayotiririka na sabuni, yaani angalau ndoo yenye koki na sabuni pembeni. Sampuli iliyopangwa ni watu 384, namba inayotoka kwenye fomula iliyozoeleka (1.96² × 0.5 × 0.5 ÷ 0.05² = 384.16). Hojaji zilizorudi zikiwa na majibu ni 372. Kati ya hao, 12 hawakujibu swali la mafunzo. Jedwali lake la saba liko hivi:

| Mafunzo | Wana sehemu ya kunawia | Hawana | Jumla |
|---|---|---|---|
| Walipata | 96 | 54 | 150 |
| Hawakupata | 105 | 105 | 210 |
| Jumla | 201 | 159 | 360 |

Kabla ya kusoma aya hata moja, funika maelezo kwa karatasi na usome majedwali peke yake. Kwa kila jedwali andika pembeni sentensi moja ya kwako: nani, wangapi kati ya wangapi, na kinacholinganishwa ni nini. Ndipo ufunue maelezo ya mwandishi. Ukianza na maelezo yake, macho yako yataona kwenye jedwali kile ulichokwisha kuambiwa.

Dalili: asilimia ya kitu kimoja inabadilika kila ukurasa

Mara nyingi tatizo liko kwenye namba ya kugawia. Andika kwenye karatasi kila jumla inayotajwa popote katika tasnifu: hapa ni 384, 372 na 360. Kisha chukua asilimia yenye shaka, uizidishe kwa kila jumla, uone ni ipi inayokupa idadi ya watu iliyo karibu sana na namba nzima.

Asilimia 54.0 ya 360 ni 194.4. Haiwezekani, kwa kuwa watu 194 kati ya 360 ni asilimia 53.9 na watu 195 ni 54.2, hakuna idadi ya watu inayotoa 54.0. Jaribu 372: unapata 200.88, yaani 201. Namba 201 umeshaiona kwenye Jedwali la 7. Kwa hiyo mwandishi alichukua 201 akaigawa kwa 372.

Wengi huishia hapo wakisema, "sawa, alitumia wote walioshiriki." Hapana. Wale 201 wamehesabiwa miongoni mwa watu 360 waliojibu swali la mafunzo. Wale 12 waliotolewa nao waliulizwa kuhusu sehemu ya kunawia, na saba kati yao wanayo. Ndiyo maana Jedwali la 4, linalohesabu washiriki wote, lina watu 208 kati ya 372, sawa na asilimia 55.9. Asilimia 55.8 ya Jedwali la 7 (201 kati ya 360) nayo ni sahihi kwa kundi lake. Lakini 54.0 imechanganya watu wa jedwali moja na jumla ya jedwali lingine, na matokeo yake ni kana kwamba wale 12 wote hawana mahali pa kunawia. Ile 52.3 ya ikisiri ni 201 kwa 384: hapo hata ambao hawakurudisha hojaji wamehesabiwa kuwa hawana.

Chanzo cha kawaida ni kikokotoo cha simu. SPSS hutoa safu mbili, `Percent` na `Valid Percent`. Ya kwanza hugawa kwa wote, ya pili huacha waliokosa jibu. Mwandishi anapoona hazilingani, huamua kujikokotolea mwenyewe. Dawa si kulazimisha namba moja kila mahali. Kila jedwali libaki na jumla yake, waliokosekana watajwe chini ya jedwali, na aya itaje idadi ya watu kabla ya asilimia: "201 kati ya 360". Sentensi iliyoandikwa hivyo ni ngumu kuharibika.

Usisumbukie asilimia zinazojumlika kuwa 99.9 au 100.1, huko ni kukadiria tu. Wala zinazozidi 100 kwenye swali lililoruhusu majibu mengi, mradi jedwali liseme hivyo.

Dalili: asilimia ipo kwenye jedwali, lakini sentensi inasikika vibaya

Aya ya mwandishi inasema: "Asilimia 47.8 ya waliopata mafunzo wana sehemu ya kunawia mikono." Ukitafuta 47.8 kwenye matokeo ya kompyuta utaipata, tena kwenye seli ileile ya watu 96. Ila 47.8 ni 96 kwa 201, yaani kati ya wenye sehemu ya kunawia, hao ndio waliopata mafunzo. Kauli ya mwandishi inahitaji 96 kwa 150, ambayo ni asilimia 64.0. Amesoma asilimia ya safu wima mahali pa safu mlalo.

Hili halionekani kwa kulinganisha namba na namba, kwa sababu namba inalingana. Linaonekana kwa kusoma maneno: kitu kinachofuata baada ya "asilimia kadhaa *ya*" ndicho kinachotakiwa kuwa chini kwenye mgawanyo. Pigia mstari maneno yanayofuata "ya", kisha nenda kwenye jedwali utafute jumla ya kundi hilo. Kama jumla yake siyo iliyotumika, sentensi imegeuzwa. Kwenye matokeo ya SPSS kuna lebo inayokusaidia, mfano `% within Mafunzo`. Jina linalofuata `within` ndilo kundi la kugawia.

Geuzo hili lina madhara zaidi ya aya moja. Anayesoma 47.8 ataona waliofunzwa wako chini ya nusu, wakati wasiofunzwa ni asilimia 50.0 kamili. Mafunzo yataonekana kupunguza usafi. Kisha hitimisho linasema mafunzo yanasaidia, na msomaji anabaki akijiuliza nani kamwambia mwandishi hivyo.

Dalili: kai-skwea na thamani ya p havioani

Aya inasema χ² = 6.95, p = 0.011. Jedwali la 2 × 2 lina digrii huru moja, kwa hiyo mtu yeyote anaweza kuhakiki kwenye Excel:

```
=CHISQ.DIST.RT(6.95,1)
```

Jibu ni takriban 0.008. Sasa 0.011 imetoka wapi? Usiandike tu "sahihisha". Fungua matokeo ya SPSS uangalie jedwali la majaribio: mstari wa kwanza ni `Pearson Chi-Square`, na chini yake tu kuna `Continuity Correction`, unaotokea kwenye majedwali ya 2 × 2. Kwa data hii wa kwanza unatoa 6.95 na p ya 0.008, wa pili unatoa 6.40 na p ya 0.011. Mwandishi ameshika kai-skwea ya mstari wa juu na p ya mstari wa chini. Achague mmoja, autaje kwenye mbinu, aushike tasnifu nzima.

Hapa uamuzi haubadiliki, kwani zote ziko chini ya 0.05. Lakini kosa la namna hii huashiria kwamba namba zilinakiliwa kwa mkono kutoka kwenye skrini, na pengine aliyezinakili si aliyefanya uchambuzi. Ukilikuta mara mbili, hakiki majaribio yote, si yale yenye shaka tu.

Na ukiona p = 0.000, hakuna uwezekano wa sifuri. Programu imekata desimali. Iandikwe p < 0.001. Hilo ni dogo, lisikuchoshe.

Dalili: "mara 1.78 zaidi"

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu, kwa sababu maelezo na jedwali vinatumia namba ileile na bado vinasema mambo mawili.

Jedwali la 9 ni la regresheni ya lojistiki, na uwiano wa odi kabla ya marekebisho ni 1.78, mipaka ya asilimia 95 ikiwa 1.16 hadi 2.73. Aya inasema: "Mama lishe waliopata mafunzo wana uwezekano mara 1.78 wa kuwa na sehemu ya kunawia." Rudi kwenye Jedwali la 7. Uwezekano wa waliofunzwa ni asilimia 64, wa wasiofunzwa ni asilimia 50. Gawanya: 1.28. Si 1.78.

Odi si uwezekano. Odi ni walionacho ukigawa kwa wasionacho: kwa waliofunzwa, 96 kwa 54, sawa na 1.78, kwa wasiofunzwa, 105 kwa 105, sawa na 1. Uwiano wa hizo mbili ndio 1.78. Kitu kinapokuwa adimu, tuseme chini ya mtu mmoja kati ya kumi, odi na uwezekano hukaribiana na kosa halionekani. Kinapokuwa cha kawaida, kama hapa ambapo zaidi ya nusu wanacho, odi hutia chumvi. Mwandishi ana njia mbili: aseme "odi" waziwazi, au, iliyo bora kwa msomaji wa manispaa, aandike asilimia 64 dhidi ya 50, tofauti ya pointi 14.

Kuna ndugu wa kosa hili anayetisha zaidi: maelezo yanasema mafunzo yanaongeza, na jedwali lina 0.56. Kabla ya kumlaumu mtu, gawanya 1 kwa 0.56. Ukipata 1.79 hivi, na hesabu yako ya mkono kutoka Jedwali la 7 ni 1.78, umeshajua: uchambuzi umegeuzwa kichwa chini, na hiyo tofauti ndogo ni ya kukadiria. Sababu ni misimbo. Hojaji zetu nyingi huwekwa 1 = Ndiyo, 2 = Hapana, na SPSS katika regresheni ya lojistiki huchukulia msimbo mkubwa kuwa ndilo tukio linalotabiriwa. Programu imekokotoa odi za *kutokuwa* na sehemu ya kunawia. Ushahidi uko kwenye jedwali dogo linaloitwa `Dependent Variable Encoding`, ambalo watu huliruka: tazama ni jibu lipi limepewa 1. Suluhisho ni kubadili misimbo iwe 0 = Hapana, 1 = Ndiyo, na kuendesha upya. Kugeuza namba kwa mkono huleta balaa jipya, kwa kuwa mipaka nayo lazima igeuzwe na ya chini iwe ya juu.

Dalili: uwiano haukai katikati ya mipaka yake

Baada ya kurekebisha kwa umri, elimu, miaka kwenye biashara na kuwa na banda la kudumu, Jedwali la 9 lina uwiano wa 1.42, mipaka 0.89 hadi 2.27, p = 0.14. Aya inasema 1.42, mipaka 0.98 hadi 2.27. Nani mkweli?

Uwiano wa odi unaotoka kwenye regresheni ya kawaida unapaswa kuwa katikati ya mipaka yake kwa kuzidisha, siyo kwa kujumlisha. Zidisha mipaka, tafuta kipeuo cha pili:

```
=SQRT(0.89*2.27)
=SQRT(0.98*2.27)
```

Ya kwanza inatoa 1.42, ya pili 1.49. Jedwali liko sawa. Kwenye aya tarakimu 8 na 9 zimebadilishana nafasi. Hesabu hii ya sekunde kumi hukamata pia desimali zilizohama na safu zilizosogezwa wakati jedwali linapangwa upya kwenye steshenari.

Angalia pia ukubaliano wa mipaka na p. Mipaka ya asilimia 95 ikiwa na 1 ndani yake, p inatarajiwa kuwa juu ya 0.05; ikiwa 1 iko nje, p iwe chini. Vikipingana waziwazi, moja imenakiliwa vibaya. Vikiwa vimegusa mpaka wenyewe, mfano 1.00 hadi 2.41, usihukumu hadi uone desimali zaidi.

Dalili: hitimisho limechagua jedwali linalopendeza

Sura ya tano inasema: "Utafiti umethibitisha kuwa mafunzo yanaboresha unawaji wa mikono kwa mama lishe wa Dar es Salaam." Sentensi moja, migongano minne. Ikate vipande na kila kipande ukipeleke kwenye jedwali lake.

"Umethibitisha" inaegemea 1.78 ya kabla ya marekebisho. Mwandishi mwenyewe, sura ya tatu, aliahidi kuripoti iliyorekebishwa, na hiyo ni 1.42 yenye mipaka inayovuka 1. Hapa uliza swali moja ambalo husahauliwa: regresheni iliyorekebishwa ilitumia watu wangapi? Programu humtoa kila aliyekosa jibu hata moja kati ya maswali yote yaliyoingizwa, na chini ya Jedwali la 9 imeandikwa 341. Wamepotea 19 zaidi. Kwa hiyo kushuka kutoka 1.78 hadi 1.42 kunaweza kuwa kazi ya elimu na banda la kudumu, au kunaweza kuwa ni kwa sababu watu wamebadilika. Mwandishi aendeshe uchambuzi usiorekebishwa kwa watu walewale 341. Ukibaki karibu na 1.78, marekebisho ndiyo yaliyoshusha. Ukishuka karibu na 1.42, waliokosekana ndio hadithi.

Tahadhari kwa upande wa pili pia: asikimbilie kuandika "hakuna uhusiano". Mipaka ya 0.89 hadi 2.27 inaruhusu odi kupungua kidogo na inaruhusu odi kuzidi maradufu. Data hii haijaamua, na hilo ndilo la kuandika.

"Yanaboresha" ni neno la sababu. Watu walihojiwa mara moja tu. Inawezekana mafunzo yaliwafanya waweke ndoo. Inawezekana pia wenye mabanda yaliyotulia ndio wanaoalikwa kwenye mafunzo. Jedwali haliwezi kutenganisha hayo. Vitenzi vya kutafuta na kuvitilia shaka ni *kuongeza, kupunguza, kusababisha, kuboresha, kuchangia*. Hicho cha mwisho huonekana kipole, lakini nacho ni kilekile.

"Unawaji wa mikono" haukupimwa. Kilichopimwa ni kuwepo kwa ndoo, maji na sabuni. Hakuna aliyesimama kuhesabu nani ananawa. Kuteleza huku kutoka kwenye kilichopimwa kwenda kwenye kilichotamaniwa huanza mapema: linganisha jina la kigezo kwenye hojaji, kwenye kichwa cha jedwali, kwenye aya na kwenye hitimisho. Likibadilika njiani, weka alama pale lilipobadilikia.

"Wa Dar es Salaam" ni masoko matatu. Kariakoo na Buguruni yako upande wa Ilala, Tandale iko Kinondoni. Temeke, Ubungo na Kigamboni hazimo. Kama mama lishe walichaguliwa kwa kukutwa tu, hata ndani ya masoko hayo matatu hitimisho liende kwa unyenyekevu.

Sentensi inayobebwa na majedwali yaliyopo ni hii: "Katika masoko matatu yaliyochunguzwa, sehemu ya kunawia mikono ilikutwa kwa asilimia 64 ya mama lishe waliopata mafunzo (96 kati ya 150) na asilimia 50 ya wasiopata (105 kati ya 210). Baada ya kuzingatia umri, elimu, miaka kwenye biashara na aina ya banda, tofauti hiyo ilipungua na haikuwa na uhakika wa kitakwimu (uwiano wa odi 1.42, mipaka ya asilimia 95: 0.89 hadi 2.27)."

Unaporudisha maoni, usiandike "namba hazioani, kagua upya". Mwandishi atabadilisha ile iliyo rahisi kubadilishwa. Taja ukurasa, namba mbili zinazopingana, chanzo unachokishuku na hesabu iliyokuonyesha. Kisha omba faili la data na faili la matokeo, lenye kiambishi `.sav` na lenye `.spv`, pamoja na amri zilizotumika kama alizihifadhi. Bila hayo unaweza kuonyesha kuwa kuna kosa, lakini mara nyingi huwezi kusema ni upande upi uliokosea. Kama uchambuzi ulifanywa na mtu wa kukodiwa na faili halipo tena, uchambuzi urudiwe kutoka kwenye hojaji. Kuyapatanisha majedwali kwa kubahatisha hakukubaliki.

Mwisho kagua mapendekezo, ambayo wakaguzi wengi huyapita kwa sababu hayana namba. Mwandishi anapendekeza manispaa ziongeze mafunzo. Lakini Jedwali la 7 lina seli ambayo haikutajwa popote katika maelezo: mama lishe 54 waliokwisha kupata mafunzo na bado hawana sehemu ya kunawia, zaidi ya theluthi moja ya waliofunzwa. Mwulize mwandishi hao walijibu nini kwenye swali la vikwazo. Kama wengi wao walisema maji hayafiki sokoni au hawana pa kuweka ndoo, pendekezo lake linapingana na data yake mwenyewe.